Flashi haichomolewi kabla kompyuta haijamaliza deni lake

Katika vijiji vilivyo mbali na mji, kama Kapalamsenga mkoani Katavi, mafaili mengi husafiri mfukoni. Mwalimu huandika matokeo ya mitihani kwenye kompyuta, huyatia katika flashi, kisha huipeleka steshenari au huifunga safari ya Mpanda ili yakachapishwe. Akifika, flashi ikichomekwa, huonekana jina la faili lakini ndani hamna kitu, au kompyuta husema kwamba flashi yote haisomeki. Lawama huiangukia flashi kwamba ni ya bei rahisi, au huviangukia virusi. Mara nyingi chanzo ni namna ilivyochomolewa, na leo tunapenda kueleza jambo hilo hutokeaje.

Kompyuta ina kumbukumbu ya kazi iitwayo RAM, ambayo ni nyepesi mno. Flashi, kinyume chake, ni nzito katika kuandikwa. Ili mtumiaji asingoje, kompyuta huyapokea maandishi yake, huyaweka kwanza katika sehemu ya RAM iitwayo kache, kisha huyahamishia kwenye flashi pole pole. Hapo ndipo penye siri ya mkasa huu: kompyuta inapoonyesha kwamba kazi imekwisha, huenda maana yake ni kwamba imeyapokea tu. Bado ina deni kwa flashi.

Tupige hesabu. Chukulia kwamba tunanakili darsa ya video yenye MB 600, na flashi yetu huandikwa MB 6 kwa kila sekunde. Kuiandika yote kunahitaji sekunde 100. Lakini RAM yaweza kuipokea video hiyo kwa sekunde chache tu, na mstari wa kuonyesha maendeleo ukafika mwisho. Mtu akichomoa flashi katika sekunde ya 10, iliyokwisha kufika ni kama MB 60. Zile MB 540 zilizosalia zilikuwa katika kache, na flashi iliyokwisha kuondoka haiwezi tena kuzipokea.

Pengine msomaji atauliza: iwapo tumepoteza faili moja tu, mbona wakati mwingine hata mafaili ya zamani hayafunguki? Jibu limo katika mpangilio wa flashi yenyewe. Flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu uitwao FAT32. Nafasi yote hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo. Ikiwa kila chumba ni cha KB 4, ripoti ya KB 40 huchukua vyumba 10, na si lazima viwe vimefuatana. Kwa hiyo kuihifadhi ripoti hiyo ni kazi tatu: kujaza vyumba 10 kwa maandishi, kuandika katika jedwali kwamba baada ya chumba hiki nenda chumba kile, na kuandika katika orodha jina la ripoti, ukubwa wake na chumba chake cha kwanza.

Kazi hizo tatu hazifanyiki kwa pigo moja. Flashi ikichomolewa jina likiwa limeandikwa lakini jedwali bado, tutaona faili lenye KB 0 au lisilofunguka. Ikichomolewa vyumba vimejazwa lakini jina bado, maandishi yamo ndani ya flashi ila hakuna njia ya kuyafikia. Na jedwali ni moja kwa mafaili yote, ingawa huwekwa nakala yake ya pili. Uandishi wake ukikatika katikati, njia za mafaili ya miaka iliyopita huvurugika pia. Ndiyo sababu mtu aliyeongeza ukurasa mmoja tu hupoteza picha za arusi zilizokuwamo tangu zamani.

Kubofya `Eject` ni kuidai kompyuta ilipe. Kwanza hutazama kama kuna programu iliyofungua faili katika flashi hiyo. Ikiwapo, huenda ikakataa, na dawa yake ni kuifunga programu hiyo. Kisha humimina yote yaliyosalia katika kache, hukamilisha jedwali na orodha, na hufunga hesabu. Ikimaliza, Windows huandika `Safe To Remove Hardware`. Kama flashi ina taa inayometa, kumeta kwa mfululizo ni dalili kwamba kazi ingali ikiendelea.

Wako wanaosema kwamba wamechomoa hovyo miaka mingi na hawakupatwa na lolote. Wanasema kweli, na sababu ipo. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, mpangilio wa kawaida kwa flashi ni `Quick removal`, ambao hauweki maandishi ya flashi katika kache namna hiyo. Mstari wa maendeleo huenda polepole, lakini husema kweli zaidi. Hata hivyo, mpangilio huo haumlindi anayechomoa wakati uandishi ukiendelea, wala haupo katika kila kompyuta. Aliyechagua `Better performance` anatumia kache. Katika kompyuta za Linux, kwa kawaida maandishi yaweza kukaa katika RAM kama sekunde 30 kabla ya kuanza kupelekwa. Huko, mwenye haraka huandika amri hii na kungoja mpaka imalize:

```
sync
```

Ipo hali moja ambayo `Eject` haina la kufanya, nayo ni umeme kukatika. Kompyuta ya mezani isiyo na betri hupoteza yote yaliyomo katika RAM papo hapo. Basi katika maeneo ambayo umeme huyumba, ni salama zaidi kuhifadhi kazi kwanza ndani ya kompyuta, kuinakili kwenye flashi, na kuitoa flashi mara tu kunakili kunapomalizika, badala ya kuiacha imechomekwa kutwa nzima.

Ikiwa madhara yamekwisha kutokea, zitazameni dalili. Ujumbe `There's a problem with this drive. Scan the drive now and fix it.` mara nyingi huonyesha kwamba hesabu ya flashi haikufungwa vizuri. Kama mafaili yangali yanaonekana, yanakilini kwanza kwenye kompyuta, kisha ndipo mkarabati. Ikiwa flashi imepewa herufi E, amri ni hii:

```
chkdsk E: /f
```

Vipande visivyo na majina huweza kuwekwa katika folda `FOUND.000`, vikiitwa `FILE0000.CHK` na kuendelea. Baadhi yake hufunguka vikibadilishwa mwisho wa jina, kwa mfano kuwa `.docx`. Lakini yale ambayo hayakutoka katika kache hayarudishwi na amri yoyote, kwa kuwa hayakupata kufika kwenye flashi.

Na kompyuta ikisema `You need to format the disk in drive E: before you can use it.`, msikubali ikiwa mnayahitaji yaliyomo. Kukubali ni kufungua jedwali jipya tupu juu ya lile la zamani. Bofyeni `Cancel`, msiandike chochote tena katika flashi hiyo, na mpelekeeni fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili. Kila kitu kipya kinachoandikwa humo chaweza kukalia chumba ambacho bado kina maandishi yenu.