Nambari ya binamu si mali ya apu yako

Ukiwa unaunda apu na mfuko hauna pesa za matangazo, kuna njia ya mkato inayovutia sana. Unaomba ruhusa ya kusoma nambari zote kwenye simu ya mtumiaji, halafu seva yako inamtumia kila mmoja ujumbe: "Fulani anakualika." Mtu mmoja anajisajili, watu 400 wanasumbuliwa. Inaonekana tamu, lakini ngoja kwanza.

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo KeCredit na Faircash. Kosa? Ilitumia majina na nambari ilizopata kupitia watu wengine kupiga simu na kutuma jumbe za vitisho. Mwaka huohuo, kuanzia Mei 31, Google ilizikataza apu za mikopo kwenye Play Store kusoma orodha ya nambari za mteja.

Utasema, "Lakini mimi naalika tu, sidai mtu." Sawa, ila mzizi ni ule ule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka mwenye data mwenyewe akubali waziwazi kabla hujaitumia kibiashara. Mtumiaji wako akibonyeza "Ruhusu", amekubali yeye. Binamu yake aliye Msambweni hajaulizwa chochote.

Basi ufanyeje? Acha mtumiaji atume mwenyewe. Tuseme unaunda apu ya kuita boda pale Kombani, njia panda ambapo barabara ya Kwale inaachana na ile ya Likoni kwenda Ukunda. Kila abiria anapewa linki yenye msimbo wake, mfano 7QX4. Akigusa kitufe cha "Alika", unafungua hii:

```
https://wa.me/?text=Naita%20boda%20hapa%20https%3A%2F%2Fexample.com%2Fk%2F7QX4
```

Angalia vizuri, hakuna nambari ya simu humo. WhatsApp inafunguka na ujumbe ukiwa tayari, abiria anachagua wa kumtumia, anaubadilisha akitaka, kisha anatuma. Apu yako haijaona nambari hata moja, na haijaomba ruhusa yoyote. Aliyepokea anaona ujumbe kutoka kwa mtu anayemjua, si kwa nambari ngeni.

Kama linki inampeleka Play Store, msimbo unaweza kupotea njiani. Uweke kwenye `referrer` mwishoni mwa linki ya Play Store, nayo apu itausoma ikishawekwa kwenye simu. Hapo utajua nani alimleta nani.

Sasa bonasi, na hapa ndipo wengi huteleza. Usilipe kwa kutuma. Kwanza huwezi kuhakikisha, manake unajua kitufe kimeguswa tu; kilichofuata ndani ya WhatsApp hukioni. Pili, ukilipa kwa kutuma, watu watamwaga linki kwenye kila grupu la mazishi na harusi, na jina la apu yako ndilo litakalochukiwa.

Lipa mgeni akimaliza safari yake ya kwanza na kuilipia. Tuseme watu 60 wamejisajili kupitia linki, na 24 kati yao wamesafiri. Bonasi ni Sh50 kwa kila upande, yaani Sh100 kwa mwaliko. Ukilipa kwa usajili, umetoa Sh6,000. Ukilipa kwa safari, ni Sh2,400, na kila shilingi imeleta abiria wa kweli. Itoe kama punguzo la safari ijayo, si pesa taslimu, na uweke kikomo, labda mialiko 10 kwa mwezi, ili mtu mwenye laini nyingi asijialike mwenyewe bila mwisho.

Utajuaje mambo yanaharibika? Wakijisajili wengi na wasisafiri, shuku akaunti feki. Vitufe vikiguswa sana na linki hazifunguliwi, ujue zinamwagwa ovyo. Lakini usidanganywe na hesabu ya waliofungua: WhatsApp hutembelea linki ili kuonyesha ile picha ndogo na kichwa cha habari, na seva huhesabu ziara hiyo kama ya mtu. Ziara za namna hiyo hujitambulisha kwa jina `WhatsApp`. Zitoe kwenye hesabu.

Ukweli ni kwamba njia hii ni ya polepole. Hutapata watu 400 kwa usiku mmoja. Na kama safari yenyewe ni mbovu, boda inachelewa nusu saa, hakuna atakayegusa hicho kitufe hata umpe Sh200. Ukiona hivyo, acha kurekebisha kitufe, nenda stejini ukaongee na madereva.