Asilimia 65 ya maji ambayo haipo

Safu ya Ramani na Hesabu
Na Salma Kihiyo

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, ofisi za mipango hugeuza takwimu za kata kuwa ramani za wilaya. Mtu anafungua faili la kata kwenye QGIS, anaziunganisha, mipaka ya ndani inafutika na wilaya zinabaki zimechorwa vizuri. Picha hiyo haina tatizo. Tatizo liko kwenye jedwali lililo nyuma yake, na huko wachache huangalia.

Chukua wilaya ya mfano yenye kata tatu, tunayotaka kujua ni kaya ngapi zina maji ya bomba. Kata ya kwanza ni ya uswahilini, imesongamana, ina kaya 12,000 na maji yanafika kwa asilimia 30 tu. Ya pili ina kaya 2,000 na asilimia 85. Ya tatu ina kaya 1,000 na asilimia 80. Ukijumlisha asilimia hizo na kugawa kwa tatu unapata 65, na ripoti itaandika kwamba karibu theluthi mbili ya wilaya ina maji. Sasa hesabu kaya zenyewe: 3,600 kwenye kata ya kwanza, 1,700 ya pili na 800 ya tatu. Jumla ni kaya 6,100 kati ya 15,000, yaani asilimia 40.7. Kaya 8,900 hazina bomba, na 3,650 kati yake zimefutwa kwenye ripoti kwa sababu kata yenye watu wengi ilipewa sauti sawa na kata yenye kaya 1,000.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu kosa hilo haliangukii popote kwa bahati tu. Mahali ambapo watu wamerundikana ndipo huduma huzidiwa, na ndipo wastani wa wastani unapoficha shida.

Programu yenyewe haitakuzuia. Zana ya Dissolve ya QGIS inaunganisha maumbo, lakini haijumlishi kitu: safu za jedwali zinachukua thamani za kata moja tu ya kundi, ile iliyosomwa kwanza. Wilaya nzima inaweza kutoka na idadi ya watu wa kata moja. Zana inayofaa ni Aggregate, ambayo kwa kila safu inakuuliza chanzo cha thamani na namna ya kuikusanya. Hapo pia kuna mtego. Safu za namba kwa kawaida hupangiwa sum zenyewe, kwa hiyo asilimia zetu tatu zitajumlishwa kuwa 195. Hilo angalau linapiga kelele, kila mtu ataona kuna kasoro. Mtu anayelirekebisha kwa kuchagua mean anapata 65, namba yenye sura ya ukweli, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Njia sahihi ni kuirudisha asilimia kwenye hesabu ya kaya kabla ya kuunganisha. Ndani ya Aggregate, kundi liwe ni msimbo wa wilaya. Safu ya kaya ipewe sum na kuitwa kaya_zote. Kisha ongeza safu mpya, iite kaya_maji, nayo ipewe sum, huku chanzo chake kikiwa:

```
"kaya" * "maji_pct" / 100
```

Safu ya asilimia ya kata iondoe kabisa isifike wilayani. Ramani ikishatoka, fungua Field Calculator na ukokotoe asilimia mpya:

```
100.0 * "kaya_maji" / "kaya_zote"
```

Kila kiwango kina kigawanyo chake, na hicho ndicho cha kukitafuta kwanza. Asilimia ya kusoma na kuandika hugawanywa kwa watu wa umri uliohesabiwa, si kwa watu wote. Wastani wa ukubwa wa kaya ni watu wote wa wilaya kugawa kwa kaya zote. Msongamano ni watu kugawa kwa eneo la umbo lililokwisha kuunganishwa. Nimeona mtu akizidisha kila kitu kwa idadi ya watu akiamini amefanya wastani wenye uzito. Kwa ukubwa wa kaya hiyo huvuta jibu juu, maana kata yenye kaya kubwa inahesabiwa ukubwa wake mara mbili.

Kata isiyo na takwimu inahitaji uangalifu zaidi. Tuseme ile kata ya kaya 12,000 haikuleta ripoti, kisanduku chake ni NULL. Jumla ya juu itairuka na kubaki kaya 2,500, lakini jumla ya chini itaendelea kuzihesabu kaya zake, kwa hiyo utapata 2,500 kwa 15,000, asilimia 16.7. Wilaya itaonekana kama imekauka, kumbe ni fomu iliyochelewa. Kigawanyo nacho lazima kiiruke kata hiyo:

```
CASE WHEN "maji_pct" IS NOT NULL THEN "kaya" END
```

Hiyo itakupa asilimia 83.3, nayo ni ya kata mbili tu. Basi ramani iseme wazi kwamba takwimu zinahusu kaya 3,000 kati ya 15,000. Bila maelezo hayo, nisingeichapa. Na kama kisanduku kimejazwa sifuri au -99 badala ya kuachwa wazi, fomula hiyo haitakuokoa. Lazima usome jedwali la kata kwa macho kwanza.

Ukimaliza, kagua. Dar es Salaam kwenye sensa ya 2012 ilikuwa na wilaya tatu: Kinondoni watu 1,775,049, Ilala 1,220,611 na Temeke 1,368,881, jumla 4,364,541. Ukiunganisha kata za sensa hiyo ukapata maumbo manne, huenda "Temeke" moja imeandikwa na nafasi ya ziada mwishoni, ndiyo sababu nasisitiza msimbo badala ya jina. Jumla ya watu isipolingana, kuna kata iliyopotea au iliyoingia mara mbili. Wengi hukagua pia kama asilimia ya wilaya iko kati ya kata ya chini na ya juu, lakini hilo halitoshi, maana hata 65 yetu iko kati ya 30 na 85. Kinachoikamata ni kuzidisha kurudi nyuma: asilimia 65 ya kaya 15,000 ni 9,750, wakati kata zenyewe zilileta 6,100.

Ninachoziomba idara zinazotoa takwimu ni kwamba zisitupe asilimia pekee. Zitoe idadi ya juu na kigawanyo chake, kata kwa kata. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Aliyehifadhi asilimia ya Temeke ya zamani hana namna ya kujua ni kiasi gani cha hiyo kilikuwa cha ng'ambo ya kivuko. Aliyehifadhi hesabu za kata anabadilisha msimbo wa wilaya kwenye safu moja, anaunganisha upya, na analinganisha wilaya ile ile kwa sensa zote mbili, ila pale kata yenyewe ilipogawanywa.