Likasi: Kabla ya kulipia cheti cha PMP, mfanyakazi aanze na mkataba wake

Katika mji wa Likasi, vijana wengi wanaofanya kazi kwenye viwanda vya shaba na kobalti, ao kwenye kampuni ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa, wanajiuliza kama cheti cha PMP kitawapandisha mshahara. Cheti hicho cha usimamizi wa miradi hutolewa na shirika moja tu, Project Management Institute (PMI) la Amerika. Kituo cha masomo kinaweza kutayarisha mtu kwa mtihani, lakini karatasi kinayotoa si PMP. Wakubwa wa kazi wanaweza kuangalia jina la mwenye cheti kwenye daftari la PMI kwa njia ya mtandao.

Kuna sharti la kwanza ambalo wengi hulisahau. Mwenye lisansi anaombwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye diploma ya Leta anaombwa miezi 60. Wote wanaombwa saa 35 za masomo. Mwenye kufanya kazi bila kuongoza mradi hata mmoja atalipa masomo bure, kwani ombi lake linaweza kukataliwa kabla hajafika kwenye mtihani.

Tuseme msimamizi mmoja wa kazi za ujenzi, mwenye miaka 6 ya kazi, anapata dola 700 kwa mwezi. Anahesabu dola 1 200 za masomo, dola 600 za mtihani, na dola 200 za safari na malazi ya Lubumbashi, kwani mtihani wa nyumbani unaomba umeme na mtandao visivyokatika kwa karibu saa 4. Jumla ni dola 2 000. Anatumaini kuongezewa dola 150.

Hapo ndipo kosa la kwanza linaingia. Anagawanya 2 000 kwa 150 na kuona miezi 13. Lakini dola 150 ni za kwenye karatasi. Kodi ya IPR na makato ya CNSS vikiisha kutolewa, tuseme zinabaki 110. Sasa ni miezi 18. Kama atatumia miezi 6 kusoma na kutafuta nafasi, ni miaka 2 kamili tangu siku aliyotoa feza.

Kosa la pili ni kuhesabu kama vile nyongeza ni hakika. Mtihani unaweza kushindwa, na kuurudilia kunalipwa. Hata mwenye kufaulu anaweza kubaki kwenye daraja lake la zamani. Kama nafasi ya kupata nyongeza ni moja kwa mbili, basi dola 110 zihesabiwe kama 55, na feza inarudi baada ya miezi 36, bila kuhesabu ile 6 ya kwanza. Tena, kila miaka 3 cheti kinaomba saa 60 za kujiendeleza pamoja na ada ya kukifanya upya.

Nyongeza hiyo hutoka wapi? Mshahara wa kiwandani unafuata daraja la kazi lililoandikwa kwenye mkataba. Cheti kinaleta feza pale tu mtu anapotoka daraja la msimamizi na kuandikwa kada, ao anapohamia kampuni nyingine. Na sheria ya kazi ya 2002 inasema mkataba wa muda maalum usipite miaka 2. Mtu anayebakiza miezi 10 kwenye mkataba wake hawezi kutegemea miezi 36 ya nyongeza kwa mkubwa huyo huyo.

Wenye kutetea cheti husema kwamba wenye PMP wanalipwa vizuri zaidi duniani. Ni kweli, lakini watu hao walikuwa tayari na miaka ya uongozi kabla ya mtihani. Sehemu ya mshahara wao ni malipo ya uzoefu huo.

Kwa hiyo msimamizi huyu afanye mambo mawili kwanza. Kwa miezi 3, ahesabu matangazo ya kazi ya Likasi, Lubumbashi, Fungurume na Kolwezi yanayoomba PMP kama sharti, si kama nyongeza nzuri tu. Kisha aombe mkubwa wake aandike: daraja gani, mshahara gani, tangu lini. Mkubwa anayeona faida ya cheti anaweza hata kulipa nusu ya masomo.

Asipopata tangazo wala barua, aache feza yake mfukoni. Na asithubutu kukopa kwa banki lamberi: kwa asilimia 10 kwa mwezi, faida ya deni la dola 2 000 ni dola 200. Nyongeza ya dola 110 haitamaliza deni hilo hata siku moja.