Ombi la Fedha za Utafiti Lisipimwe kwa Utangulizi Wake

Wapo wajumbe wa kamati za utafiti ambao, wakishasoma ukurasa wa kwanza wa ombi na kukuta kwamba malaria inaua watoto, huona kazi yao imekwisha. Alama hutolewa kwa uzito wa ugonjwa, wala si kwa uzito wa swali linaloulizwa. Huo ni uvivu, na gharama yake hulipwa na mwananchi.

Korogwe inatoa kipimo kizuri cha jambo hili. Wilaya ya Korogwe imechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya vijiji viwili, kimoja cha bondeni na kingine cha mlimani. Kule bondeni, mwaka 2003 watu wapatao 78 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria. Kufikia mwaka 2008 walibaki 13. Mlimani walishuka kutoka 25 hivi hadi 3.

Sasa tuchukue ombi la mfano, lililoandikwa mwaka 2009, la kujaribu njia mpya ya kinga katika kijiji cha bondeni. Mwandishi anatumaini kwamba kinga yake itapunguza maambukizo kwa nusu. Akitumia takwimu za mwaka 2003, hesabu ya kawaida itamwambia kwamba watoto 22 katika kila kundi wanatosha, kwa kuwa kushuka kutoka 78 hadi 39 huonekana hata kwa watu wachache. Akitumia takwimu za mwaka 2008, kushuka ni kutoka 13 hadi 6 au 7, tofauti ambayo bahati tu yaweza kuileta. Atahitaji watoto wapatao 323 katika kila kundi, yaani karibu mara 15. Na hapo bado hajahesabu wanaohama, wala ukweli kwamba watoto wa kijiji kimoja huumwa na mbu wale wale, kwa hiyo hawawezi kuhesabiwa kana kwamba kila mmoja anasimama peke yake.

Ugonjwa ni ule ule, utangulizi ni ule ule, lakini ombi moja lingefaulu na jingine lisingeweza kujibu swali lake hata kama kila mtu angefanya kazi kwa uaminifu. Mjumbe anayetaka kujua umuhimu wa tatizo hana budi kuuliza takwimu ni za mwaka gani, na za bonde au za mlima.

Bajeti nayo isomwe pamoja na idadi hiyo, isisomwe peke yake. Watoto 646 wakipimwa mara sita hutoa vioo vya damu 3,876. Kila kioo hapana budi kisomwe na watu wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, na wa tatu aitwe wanapotofautiana. Hizo ni safari 7,752 za jicho kwenye hadubini, bila ya kumhesabu huyo wa tatu. Msomaji makini akisoma vioo 30 kwa siku, wasomaji wawili watahitaji siku za kazi 130 hivi, ambazo ni miezi sita. Ombi likiweka msomaji mmoja kwa miezi mitatu, huku likitenga semina mbili na gari jipya, basi mwandishi hakuanzia kwenye kazi. Alianzia kwenye kiasi cha fedha kilichotangazwa, akagawanya.

Kuna wanaodhani dawa ni kupunguza kila kifungu kwa asilimia 20. Kufanya hivyo ni kuharibu zaidi, kwani mtafiti atapunguza vioo, na gari litabaki. Heri ombi linyimwe kuliko kukatwa namna hiyo.

Kisha ipo kalenda, ambayo wengi huidharau. Malaria ya Korogwe na Handeni huongezeka baada ya masika, na masika ni Machi hadi Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ombi la miezi 12 linaloanza Julai bado linangoja idhini ya maadili na kibali cha utafiti, kisha kuajiri na kufundisha wasaidizi. Likichelewa hadi Februari, watoto wataandikishwa wakati mvua inaharibu njia za vijijini, na fedha zitafungwa Juni, wagonjwa wakiwa ndio kwanza wanaongezeka. Mjumbe aulize mapema: mtoto wa kwanza ataandikishwa mwezi gani, na wa mwisho atapimwa lini?

Watakuwapo watakaosema kwamba ukali huu unawavunja moyo watafiti vijana. Lakini jaribio la chanjo ya malaria la mwaka 2009 hadi 2014, ambalo Korogwe ilikuwa moja ya vituo vyake 11 barani Afrika, liliandikisha watoto zaidi ya 15,000. Waliolipanga walijua kwamba kituo kimoja kisingetosha. Kijana anayeombewa shilingi chache ana haki ya kuambiwa hivyo hivyo kabla ya kwenda kijijini: apunguze swali lake liwe la kuhesabu maambukizo tu, au aungane na wenzake wa Muheza na Handeni waombe pamoja.