Ujumbe wa muuguzi utaje saa ya dawa

Mhariri,

Muuguzi wa shule alinitumia ujumbe: "Mama, mtoto anaumwa, njoo umchukue." Nikamkuta binti yangu wa darasa la pili amejikunyata kwenye benchi, mwili unachemka.

Wauguzi wetu, tuandikieni hivi: "Saa 4:20 asubuhi joto 38.9, katapika mara moja, nimempa parasetamoli miligramu 250 saa 4:30." Mzazi asiyejua hilo humpa tena akifika nyumbani, na kati ya dozi na dozi yapaswa kupita angalau masaa manne. Tena dawa hiyo hushusha homa tu, vimelea vya malaria haiviui. Hata akipoa, apimwe siku hiyohiyo. Akishikwa na degedege, msitusubiri. Mkimbizeni hospitali, simu ifuate.

Mama wa mwanafunzi,
Morogoro