Dola 400 Butembo, dola 600 Lubumbashi: mshahara gani unabakisha zaidi?

Kwa mutu anayefanya kazi Butembo, akisikia kazi ya Lubumbashi inalipa dola 600 wakati yeye anapokea 400, hesabu inaonekana imeisha: ni dola 200 zaidi kila mwezi. Wengi wanafunga mizigo kwa hesabu hiyo. Lakini mshahara hauliwi sawa vile umeandikwa kwenye karatasi. Kwanza unapita kwa mwenye nyumba, kisha kwa motari ao bisi, kisha kwa soko. Kile kinachobaki nyuma ya hao watatu ndicho kinachopaswa kulinganishwa.

Tuchukue jamaa moja ya mfano: baba ni mtunza hesabu katika kampuni, mama anafanya kazi za nyumbani, watoto watatu, wawili kati yao wanasoma. Bei zilizo hapa chini ni za mfano, na dola 1 tunaihesabu kwa faranga 2.500. Kila mutu aweke bei za kartiye yake. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Butembo jamaa hiyo inalipa nyumba dola 40. Baba anapanda moto asubuhi na jioni, faranga 1.500 kila safari, siku 22 za kazi: hiyo ni faranga 66.000, karibu dola 26. Watoto wanaenda masomo kwa miguu. Chakula pamoja na makala ni dola 155, kwa sababu mihogo na sehemu ya maharagi vinatoka shamba la jamaa upande wa Lubero. Jumla ni dola 221. Kwa mshahara wa 400, zinabaki 179 za masomo, dawa, nguo na akiba.

Lubumbashi mambo yanabadilika, na si kwa bei peke yake. Muji ni mupana. Nyumba ya dola 100 inapatikana mbali na katikati, tuseme upande wa komini Annexe. Kutoka kule baba anapanda bisi mbili kwenda na mbili kurudi, faranga 1.000 kila moja: kwa siku 22 ni faranga 88.000. Watoto wawili nao wanapanda bisi moja kwenda na moja kurudi: faranga 88.000 zingine. Transpo yote inafika karibu dola 70. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: wanauliza bei ya bisi, wanaona ni ndogo kuliko ya moto, wanafurahi. Lakini haifai kuhesabu bei ya safari moja. Inafaa kuhesabu jamaa inalipa nafasi ngapi kwa siku.

Kwa chakula, kosa la kawaida ni kuchukua sahani ya Butembo na kuitafutia bei Lubumbashi. Jamaa ikifika kule, itakula sawa watu wa kule. Bukari ya Lubumbashi ni ya mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi ao unga inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Tuseme jamaa inamaliza mifuko miwili ya kilo 25 kwa mwezi, dola 20 kila mfuko, yaani 40. Mboga, samaki, mafuta na makala vinaongeza 175. Chakula chote ni dola 215. Shamba la Lubero halipo tena, na hakuna mutu anayeandika shamba kwenye karatasi ya mshahara.

Mutu anayeuliza bei kwa simu aangalie pia kipimo. Kopo la soko moja si kopo la soko lingine, na kujaza kwa kilima si sawa na kujaza kwa usawa. Dawa ni kuomba anayeuliza kule apime kwa kilo, ao aseme bei ya mfuko muzima.

Sasa hesabu ya Lubumbashi: nyumba 100, transpo 70, chakula 215, jumla 385. Kwa mshahara wa 600 zinabaki dola 215. Ukitoa zile 179 za Butembo, tofauti ya kweli ni dola 36 kwa mwezi. Zile 200 hazionekani tena. Swali linaweza pia kugeuzwa: mshahara gani wa Lubumbashi unamuacha mutu huyu palepale alipokuwa? Ni 385 kuongeza 179, yaani dola 564. Kampuni ikimwita kwa 550, anahama ili ashuke.

Na hizo 36 hazisimami imara. Kati ya Desemba na Machi, mbele ya mavuno mapya, mahindi yanapungua. Zambia ikifunga mlango wa kuuza nje, mfuko unapanda haraka. Ukitoka dola 20 hadi 32, jamaa yetu inaongeza 24, na faida ya mwezi huo inabaki 12 tu. Tena kuna mambo ya faranga. Nyumba inalipwa kwa dola, soko na bisi kwa faranga. Faranga ilipopata nguvu mwisho wa 2025, bei nyingi za soko hazikushuka kwa mwendo huohuo, na anayelipwa dola aliona mshahara wake unanunua kidogo. Dola ikishuka hadi 2.200 na bei za faranga zikibaki vilevile, hasara inagusa miji yote miwili, lakini Lubumbashi zaidi, kwa kuwa kule jamaa inatumia faranga nyingi. Tofauti inashuka hadi kama dola 22.

Upande wa nyumba kuna nafasi ya kupata kidogo. Nyumba ya dola 140 karibu na masomo inaonekana ghali. Lakini watoto wakitembea kwa miguu na baba akipanda bisi moja tu kwenda na moja kurudi, transpo inashuka kutoka 70 hadi 18. Jumla inakuwa 373 na zinabaki 227. Nyumba ya bei ya juu imekuwa rahisi kuliko ile ya mbali.

Kisha kuna pesa za siku ya kwanza. Sheria ya 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi. Hata kwa miezi mitatu, ni dola 300 zinazolala kwa mwenye nyumba. Safari ya watu watano na mizigo, tuseme dola 1.200, haitarudi. Kwa faida ya 36 kwa mwezi, inachukua miezi 33 kuilipa, karibu miaka mitatu.

Ndiyo maana, mbele ya kusaini, swali la kwanza si «mnaweza kuongeza ngapi?» bali «hizo 600 ni vyote ndani?» Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 haihesabu pesa za nyumba, za transpo na za safari kuwa sehemu ya mshahara. Kampuni inayoandika 600 peke yake, na kampuni inayoandika 520 kisha nyumba 100, transpo 50 na safari ya jamaa, hazitoi kitu kimoja. Ya pili inafika 670 kwa mwezi, na mutu hajatoa zile 1.200 mfukoni mwake.