Zima biti, mama bado anaongea

Umeziona hizi video: dakika 12 kutoka kijijini, droni juu, piano ya huzuni chini, na muziki haukatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika ya nne umeshatoka. Habari yenyewe haikuwa mbaya. Sikio lako lilichoka mapema kwa sababu halikupewa kitu kipya.

Wengi wetu tulijifunza kunyoosha video hadi dakika 10 kwa ajili ya pesa. Huko ndiko YouTube ilikoruhusu matangazo ya katikati, kabla ya kushusha kiwango hicho hadi dakika 8 mwaka 2020. Sharti hilo limeondoka, lakini tabia ya kujazia imebaki. Sisi tunasema hivi: video ndefu hushikiliwa na mabadiliko, na badiliko la bei nafuu kuliko yote ni ukimya.

Tuseme wikendi hii unatoka Nairobi kwenda kwenu Ekalakala, kule Masinga, kurekodi mama anayefuata maji kwa punda. Usianze na droni. Anza karibu kabisa: mkono unachota maji kwa kikombe kwenye kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Hakuna muziki, ni mlio wa kikombe na maji kuingia kwenye mtungi. Mtazamaji atajiuliza, huyu ni nani, yuko wapi? Shoti pana inayofuata ndiyo jibu lake: mto mzima, punda, na foleni ya mitungi.

Safari ya kurudi ndiyo mahali pa muziki. Hapo hakuna anayeongea, kwa hivyo weka shoti fupi za sekunde tatu au nne: kwato, kamba, vumbi, uso. Kisha vunja mwendo huo. Acha shoti moja pana isimame sekunde 20, punda wakitembea kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Ukikata kila baada ya sekunde tatu kwa dakika 12, hiyo kasi haisikiki tena kama kasi. Inakuwa kama feni ya dari tu.

Mama akianza kuongea, muziki utoke. Ushushe polepole kwa sekunde mbili tatu, sauti ya mahali ikipanda chini yake. Mpige shoti ya kati, umwone uso na mikono. Ukimuuliza ni siku gani alikosa maji kabisa, naye akajibu kisha akanyamaza, usikate hapo. Mpe sekunde nne au tano. Huo ndio wakati mtazamaji anafikiria mwenyewe. Ukimwekea piano, umeshamwambia amhurumie, na mama aliyekuja kueleza kazi yake umemgeuza ombaomba.

Lakini ukimya si kuzima sauti yote. Sauti ikikatika kabisa, mtu ataangalia kama simu yake imeharibika. Kwa hivyo kila mahali unaporekodi, waambie watu watulie, kisha rekodi nusu dakika ya mahali penyewe: upepo mdogo, ndege, mbuzi wa mbali. Hiyo ndiyo utakayotandika chini ya ukimya wako. Upepo ukiwa mkali utasikika kama ngurumo kwenye simu, kwa hivyo simama mahali panapokinga na ufunike maiki kwa sponji.

Kabla ya kupakia, itazame mara mbili. Mara ya kwanza fumba macho usikilize: je, kuna dakika tatu ambazo sauti haikubadilika? Mara ya pili zima sauti utazame: je, picha za umbali uleule zimefuatana mno? Ukishapakia, fungua grafu ya watazamaji kwenye YouTube Studio. Mstari unaoteremka taratibu ni kawaida. Ukiporomoka ghafla, usiangalie pale tu. Rudi nyuma nusu dakika. Mara nyingi mtu huchoka kwanza, ndipo anatoka.

Na usidhani maisha ya kijijini hayawezi kubeba muda. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alirekodi familia yake kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo, pamoja na ya mwelekezi Julia Dahr, ikawa filamu Thank You for the Rain ya mwaka 2017, karibu saa moja na nusu.

Kwa hivyo ile dakika yako ya 12, punda wakifika nyumbani na maji yakimiminwa kwenye pipa, iache bila muziki. Tukisikia maji yakigonga pipa tupu, tutajua safari nyingine iko kesho.